Andiko la Mradi Bila Mwongozo wa Mfadhili: Nini Kinaweza Kupimwa?

"Habari za kazi dada, naomba utupitie andiko letu, tunalituma Ijumaa." Ujumbe wa namna hii mara nyingi huja na faili moja tu. Tangazo la ruzuku halimo, mwongozo wa mfadhili haumo, na wakati mwingine hata jina la mfadhili halikutajwa. Anayeombwa kulipitia huvutwa pande mbili. Wapo wanaolisahihisha kana kwamba wanajua mfadhili anataka nini: punguza hapa, ongeza pale, gharama hii haitakubalika. Wapo pia wanaolirudisha na jibu fupi kwamba bila mwongozo hawana la kusema. Wa kwanza huweza kumfanya mwombaji afute jambo ambalo lingempa alama. Wa pili humwacha apeleke makosa ambayo mfadhili yeyote angeyaona kwenye ukurasa wa kwanza.

Kazi ya mhakiki mzuri ni kuyatenganisha makundi hayo mawili, na njia nyepesi ya kuliona hilo ni kulifuata andiko moja mwanzo hadi mwisho. Lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi na asasi za kiraia atayatambua yaliyomo.

Shirika dogo la mkoani Dodoma linaomba fedha za kuvuna maji ya mvua katika shule tano za msingi, kila moja ikiwa na wanafunzi wapatao 600. Kila shule itajengewa tangi la lita 50,000 na kufungiwa gata kwenye paa la mita za mraba 300. Mradi ni wa miezi 18. Andiko linaahidi kwamba wanafunzi 3,000 "watapata maji ya kutosha mwaka mzima", na jalada linaonyesha ombi la shilingi 96,400,000.

Mhakiki aanze na bajeti, kwa sababu hesabu haisubiri mwongozo wa mtu. Matangi manne kwa shilingi 14,500,000 kila moja ni 58,000,000. Gata kwa shule nne, 2,800,000 kila shule, ni 11,200,000. Mafunzo ya kamati za maji katika shule nne ni 6,000,000. Mratibu analipwa 900,000 kwa mwezi kwa miezi 12, yaani 10,800,000, na usafiri umetengewa 4,800,000. Jumla ya gharama za moja kwa moja ni 90,800,000. Juu yake imewekwa asilimia 10 ya uendeshaji wa ofisi, 9,080,000, na jumla kuu inafika 99,880,000.

Jumla hiyo inalizidi ombi la kwenye jalada kwa shilingi 3,480,000. Lakini kubwa zaidi ni kwamba maelezo yanataja shule tano na bajeti inazilipia nne. Mratibu naye ana mshahara wa miezi 12 katika mradi wa miezi 18, na andiko halisemi nani atausimamia mradi katika miezi sita inayobaki. Bila shaka shule ya tano iliongezwa baadaye, pengine baada ya kikao na halmashauri, na aliyegusa maelezo hakuigusa bajeti. Ikiingizwa na tangi, gata na mafunzo yake, gharama za moja kwa moja zinapanda hadi 109,600,000, na pamoja na asilimia 10 ombi linakuwa 120,560,000, hata kabla ya kugusa mshahara wa mratibu. Hapo mhakiki anaweza kusema kwa uhakika kamili kwamba namba hizi hazikubaliani. Asichoweza kusema ni ipi irekebishwe. Kama mfadhili ana kikomo cha milioni 100, shule ya tano italazimika kutoka kwenye maelezo. Kama kikomo ni milioni 150, itaingia kwenye bajeti. Uamuzi huo ni wa shirika, na unahitaji namba moja ambayo haimo ndani ya faili.

Kisha ile ahadi ya maji mwaka mzima. Hapa wahakiki wengi hupita haraka kwa kuwa sentensi inasomeka vizuri, ilhali ndipo andiko hili lilipo dhaifu kuliko kwingine kote.

Dodoma hupata wastani wa takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 300 kwa hiyo hupokea kama lita 171,000 kwa mwaka. Si yote yanayofika kwenye tangi: mengine huvukia, mengine hurukia nje ya gata, na maji ya mwanzo yaliyobeba vumbi humwagwa. Kwa paa la bati, kukadiria asilimia 80 ni makadirio ya kawaida, na hapo zinabaki kama lita 137,000.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi mashuleni unataja lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule za kutwa. Wanafunzi 600 wanahitaji basi lita 3,000 kwa siku. Tangi la lita 50,000 likiwa limejaa litakauka baada ya siku 16 au 17. Hata maji yote ya mwaka yangehifadhiwa bila kupotea tone, yangetosha siku 45 hivi, na siku za masomo kwa mwaka zinakaribia 200. Tangi kubwa zaidi halitaiokoa ahadi hii, kwa sababu kinachokwamisha ni ukubwa wa paa na uchache wa mvua.

Mradi wenyewe hata hivyo unaweza kuokolewa. Kama lengo litakuwa maji ya kunywa peke yake, lita moja kwa mwanafunzi, shule inatumia lita 600 kwa siku na tangi lililojaa linadumu siku 83. Kati ya Mei na Novemba siku za masomo zinaweza kukaribia 120, kwa hiyo kuuvuka ukame kunataka hifadhi ya kama lita 72,000, na paa linaweza kuijaza. Mhakiki ana haki ya kuandika pembeni bila kusita: punguzeni ahadi iwe ya maji ya kunywa na mkuze tangi, au bakieni na tangi hili na mseme wazi litatosha miezi mingapi ya ukame. Hakuna mfadhili, awe wa Brussels au wa Dar es Salaam, ambaye mwongozo wake ungeifanya hesabu hii itoe jibu jingine.

Sehemu ya uendelevu nayo inasema tu kwamba "jamii itaumiliki mradi". Haisemi nani atasafisha gata kabla ya mvua za kwanza, ufa kwenye tangi utazibwa kwa fedha za nani, wala kama halmashauri, ambayo shule ni zake, imekubali ujenzi huo kwa maandishi. Pengo hilo linaonekana bila mwongozo. Sehemu hiyo ipewe aya moja au kurasa mbili? Hilo ni suala la alama. Katika majedwali ambayo Umoja wa Ulaya uliyatumia kwa miaka kadhaa kupima maombi kamili ya ruzuku za nje, uendelevu ulikuwa na alama 15 kati ya 100, na uhusiano wa mradi na malengo ya tangazo alama 30. Mfadhili mwingine anaweza kuugawa mzani wake tofauti kabisa, au asiwe na jedwali la alama hata kidogo.

Sasa ile asilimia 10 ya ofisi. Hapa ndipo wahakiki wenye uzoefu huteleza, kwa kuwa kila mmoja anaubeba mwongozo wa mfadhili wake wa mwisho kichwani. Aliyezoea ruzuku za nje za Umoja wa Ulaya ataikata bila kuuliza, kwani huko gharama zisizo za moja kwa moja hazizidi asilimia 7 ya zile za moja kwa moja. Katika bajeti hii ya shule nne, 9,080,000 ingeshuka hadi 6,356,000. Aliyezoea fedha za serikali kuu ya Marekani atashangaa kwa nini shirika limeomba kidogo: kuanzia Oktoba 2024, shirika lisilo na kiwango chake kilichokubaliwa linaweza kudai hadi asilimia 15, kutoka 10 ya awali, ingawa baadhi ya gharama, kama vifaa vya bei kubwa, huondolewa kwanza kabla ya kukokotoa. Na aliyewahi kuomba kwenye mpango wa Japani wa miradi midogo ya jamii, unaopitia balozi zake, atataka kuufuta mstari huo pamoja na mshahara wa mratibu, kwa sababu mpango huo kwa jumla hulipia majengo na vifaa, huku mishahara na uendeshaji wa kawaida wa ofisi vikibaki kwa mwombaji. Hapo zinaondoka 19,880,000.

Wahakiki watatu, majibu matatu, na kila mmoja yuko sahihi mahali pake. Kwenye faili lisilo na jina la mfadhili, maoni ya kweli juu ya mstari huo ni ya masharti: "Asilimia 10 imekokotolewa sawasawa. Kama kikomo ni 7, punguzeni 2,724,000. Kama mishahara hailipwi, onyesheni mratibu atalipwa na nani." Maoni ya hivyo ni marefu kidogo, lakini mwombaji anaweza kuyatumia siku yoyote atakayoupata mwongozo.

Faili lenyewe pia huacha alama za miguu. Katika andiko hili kuna kichwa cha habari "Mchango wa Mwombaji" kisicho na neno lolote chini yake, na kwenye utangulizi malengo ya mradi yanaelezwa kama ya ajira kwa vijana, jambo lisilotajwa tena popote. Inaelekea sehemu zilinakiliwa kutoka andiko lililotumwa kwa mfadhili mwingine. Mhakiki asikimbilie kukifuta kichwa kilicho wazi. Huenda mfadhili wa sasa ndiye anayekitaka, na kukiacha kitupu kungemaanisha ombi halijakamilika. Aulize kwanza. Ile aya ya ajira aiwekee alama mara moja, kwa sababu haiungi mkono chochote katika mradi wa maji.

Maswali ya kumrudishia mwombaji hayahitaji kuwa mengi. Mfadhili ni nani na tangazo ni lipi? Kikomo cha fedha na cha muda ni kipi? Gharama gani hazilipwi? Nani anaruhusiwa kuomba, na je, shirika lazima liwe na hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa? Swali hili la mwisho liende kabla ya mengine, hata kwa simu, kwa sababu shirika lisilostahili kuomba halitasaidiwa na bajeti iliyonyooka, na ni heri lijue Jumatatu kuliko Ijumaa.

Majibu yakisubiriwa, kazi haisimami. Shirika linaweza kurekebisha ahadi ya maji, kutafuta barua ya halmashauri, kumuuliza fundi bei ya tangi la lita 75,000, na kuandaa bajeti mbili kamili: moja ya shule nne, nyingine ya tano, kila moja ikiwa na mratibu wa miezi 18. Uendeshaji wa ofisi uwekwe kwenye mstari wake pekee, chini kabisa, na asilimia iandikwe kwenye kisanduku kimoja ambacho jumla inakitegemea. Mwongozo ukifika Alhamisi jioni, kitabadilishwa kisanduku hicho kimoja, ichaguliwe bajeti inayoingia ndani ya kikomo, na maelezo yapunguzwe kulingana na idadi ya kurasa.