Mishale Inapokwenda Kushoto

Mishale sita imechoma shabaha, yote upande wa kushoto wa kile kiini cha njano, na msichana aliyeipiga tayari anashika skrubu ya kilengeo. Nilimwomba aiache kwanza. Kilengeo, yaani kile kipete chenye nukta kinachotokeza mbele ya upinde, ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukigusa, na kwa sababu hiyo kila anayeanza hukikimbilia. Lakini kilengeo huhamisha tu mahali mishale inapoangukia. Hakiwezi kuikusanya ikiwa imetawanyika, wala hakiwezi kuuponya mshale usioendana na upinde.

Yake ilikuwa na matatizo yote mawili. Kwa umbali wa mita 18 ilikwenda kushoto kwa upana wa kiganja, na papo hapo ilisambaa juu na chini kiasi cha sentimita 40.

Tulianza na huko kusambaa. Kwenye mikono ya upinde, zile mbao mbili zinazopinda unapovuta, palikuwa pameandikwa 34 lbs, yaani ratili 34. Namba hiyo hupimwa upinde ukiwa umevutwa inchi 28. Anayevuta pungufu hubeba uzito pungufu, na kwa pinde za namna hii hesabu ya haraka ni ratili mbili kwa kila inchi. Yeye alivuta inchi 26, kwa hiyo vidoleni mwake zilikuwa ratili kama 30. Kwa mtu mzima mwembamba aliye katika mwezi wake wa kwanza, huo ni mzigo mkubwa mno.

Ukitaka kujua kwamba upinde umemshinda mtu, mwangalie ncha ya mshale. Mwambie avute mpaka mkono uguse kidevu, pale anapouegesha kila mara, kisha atulie kwa hesabu ya kumi bila kuachia. Ikifika tano bega lake la mbele lilipanda kuelekea sikioni, na ncha ya mshale ikaanza kurudi mbele polepole. Alikuwa anapoteza sentimita moja, pengine mbili, bila kujua.

Sentimita moja si kitu kidogo. Chukua upinde wa ratili 20 unaorusha mshale kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde. Mpaka ufike mita 18, mshale huo huwa umeshashuka karibu mita nzima kwa uzito wake, na mpigaji hufidia kwa kulenga juu. Ukivuta sentimita moja pungufu, mwendo hupungua kiasi cha asilimia 2, na mshale huanguka sentimita 4 au 5 chini zaidi. Kwenye shabaha ya ndani yenye upana wa sentimita 40, kila duara lina unene wa sentimita 2. Mshale uliostahili kumi umekuwa nane, na mkono wala haukutikisika wakati wa kulenga. Basi mishale inaposambaa juu na chini, mimi hutilia shaka uzito wa upinde kabla ya jicho la mpigaji.

Tulimbadilishia mikono ya upinde, tukaweka ya ratili 24, ambayo kwa mvuto wake ilikuwa kama 20. Jioni hiyo hiyo kundi la mishale lilibana mpaka likatosha ndani ya sahani ya chakula. Ila sasa lilikuwa kushoto zaidi kuliko mwanzo, na hapo ndipo alipokata tamaa. Mimi nilifurahi, maana kundi lililobana husema ukweli, na hili lilikuwa linatuambia kwamba mishale ni mikakamavu mno.

Mshale hauondoki kwenye upinde ukiwa umenyooka. Vidole vinapoachia, upote hauendi mbele moja kwa moja. Huteleza kwanza kando ya ncha za vidole, na msukumo huo wa pembeni huupinda mshale. Nao hupita ubavuni mwa upinde ukipinda huku na huku kama samaki anayeogelea, kisha hutulia ukiwa angani. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, aliupiga picha za sinema za kasi na watu wakaliona jambo hili waziwazi. Mshale unaofaa hupinda kiasi cha kuuwezesha mkia wake kuukwepa upinde. Mkakamavu mno haupindi vya kutosha, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia huelekea kushoto. Mlegevu mno huelekea kulia. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, mambo hugeuka.

Ukakamavu huo umeandikwa ubavuni mwa mshale. Mshale wenye urefu wa inchi 29 huegeshwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha katikati yake hutundikwa uzito wa gramu 880. Ukibonyea nusu inchi huitwa 500, ukibonyea inchi nzima huitwa 1000. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo mshale mgumu, na hapa wengi hununua kinyume. Msichana huyu alikuwa amepewa mishale ya 500, mizuri sana, iliyomfaa mtu mwenye upinde mzito. Hata kwa ratili 30 ilikuwa migumu. Tulipopunguza uzito wa upinde, msukumo ulipungua, mshale ule ule ukawa mgumu zaidi kwa upinde wake mpya, na ndiyo maana ukazidi kwenda kushoto.

Tuliazima mishale ya 1000, mitatu yenye manyoya na miwili iliyovuliwa manyoya. Manyoya huunyoosha mshale angani na kuficha kasoro. Mshale mtupu hauna wa kuusitiri. Aliipiga yote mitano kwa kulenga mahali pamoja. Ile yenye manyoya ilikusanyika karibu na kiini, na miwili mitupu ikachoma kushoto kwake, vidole vitatu hivi. Bado ulikuwapo ukakamavu kidogo, lakini wa kurekebishika: tulifunga chembe kizito zaidi mbele ya mshale, kwa sababu uzito wa mbele huufanya upinde zaidi. Ingekuwa mitupu imekwenda kulia, tungeweka chembe chepesi, au tungeikata mishale kidogo kidogo, kwani mshale mfupi ni mgumu zaidi. Kukata nako kuna mpaka. Anayeanza bado mvuto wake unarefuka, na mshale uliokatwa mfupi mno unaweza kuanguka nyuma ya kiegemeo chake na kuuchoma mkono ulioshika upinde. Mwachie inchi mbili za ziada.

Hapo ndipo nilipomruhusu kushika skrubu. Kundi lilikuwa sentimita 6 kushoto na limebana. Kilengeo hufuata mishale: ikienda kushoto, kisogeze kushoto, ikiwa chini, kishushe. Wengi hufanya kinyume, kisha hushangaa kosa limekuwa maradufu. Kutoka jichoni mpaka kwenye kilengeo chake palikuwa na sentimita 90, na 18 gawanya kwa 0.9 ni 20, kwa hiyo kila milimita ya kilengeo ni milimita 20 kwenye shabaha. Alihitaji milimita 3 tu. Kwa mita 70, umbali aliopigia Shehzana Anwar wa Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, milimita moja hiyo hiyo inakuwa karibu sentimita 8.

Alisogeza, akapiga sita, akasogeza tena nusu milimita. Kisha akabandika utepe mweupe kwenye reli ya kilengeo na kuandika 18 kwa kalamu nyembamba. Alama ya mita 30 itakuwa chini ya hiyo, na nafasi yake ameiacha wazi.