Kukata DNA Ili Isikwame

Bakteria wa utumboni aitwaye E. coli ana DNA moja tu, iliyounganishwa ncha kwa ncha ikawa duara. Ukiikata na kuinyoosha, ina urefu wa takriban milimita moja na nusu, ilhali bakteria mwenyewe hazidi sana elfu mbili za milimita. Duara hilo ni nyuzi mbili zilizosokotana, zenye jozi za herufi za kijenetiki zipatazo milioni 4.6. Kila baada ya jozi 10 na nusu hivi, nyuzi hizo hukamilisha msokoto mmoja. Kwa hesabu hiyo, zimezungukana zaidi ya mara laki nne.

Ili bakteria azaliane, sharti nyuzi hizo ziachane kabisa. Hata msokoto mmoja ukisalia, DNA mbili mpya zitabaki zimefungana na haziwezi kugawanywa kwa seli mbili. Watson na Crick, walipoeleza umbo la DNA mwaka 1953, waliliona tatizo hili mapema: nyuzi zilizosokotwa hivyo zitafumuliwaje?

Kamba ya nyuzi mbili inatosha kulionyesha tatizo. Ifunge ncha yake moja kwenye nguzo, kisha ingiza kidole katikati ya nyuzi na ukisukume kuelekea nguzoni. Nyuma ya kidole nyuzi zinaachana vizuri, lakini misokoto haijaenda popote: imesukumwa mbele. Kamba inazidi kukaza, inaanza kujikunja juu yake yenyewe, na mwishowe kidole hakisogei tena. Kule kujikunja kwa uzi ambao tayari umesokotwa ndiko wanasayansi wanakokuita msokoto wa juu.

Ndani ya E. coli, mtambo unaonakili DNA hupita herufi karibu 1,000 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila sekunde misokoto inayokaribia 100 husukumwa mbele yake. Kwa kuwa DNA ni duara, haina ncha iliyo huru ya kuzunguka ili kujilegeza. Bila msaada, mtambo huo ungekwama mapema sana. Nasi hatujaepuka tatizo hili kwa sababu tu DNA yetu ina ncha. Kromosomu zetu ni ndefu mno, tena zimeshikiliwa sehemu nyingi ndani ya kiini cha seli.

Unukuzi, yaani kazi ya kusoma jeni na kuandika ujumbe wake katika RNA, una shida hiyo hiyo na nyingine juu yake. Kimeng'enya kinachoandika RNA kingeweza kuizunguka DNA kwa kufuata msokoto wake, lakini kinaburuta uzi mrefu wa RNA, na katika bakteria uzi huo tayari umekaliwa na ribosomu zinazotengeneza protini. Mzigo wa namna hiyo hauzunguki kirahisi. Basi inayolazimika kuzunguka ni DNA yenyewe. Mbele ya kimeng'enya inakaza kupita kiasi, na nyuma yake inalegea kupita kiasi. Mwaka 1987, Leroy Liu na James Wang walieleza jinsi hali hizi mbili zinavyozaliwa pamoja kila jeni inaposomwa.

Jibu la seli ni kundi la vimeng'enya vinavyoitwa topoisomerasi. Wang ndiye aliyegundua cha kwanza, katika E. coli, akatangaza matokeo yake mwaka 1971. Hicho hukata uzi mmoja wa DNA, huupitisha mwenzake kwenye pengo, kisha huunga. Mwaka 1976, Martin Gellert na wenzake walipata kingine chenye nguvu zaidi, nacho ni girasi.

Girasi hujizungushia kipande cha DNA, kisha hukata nyuzi zote mbili kwa pamoja. Kukata nyuzi zote mbili ni hatari kubwa kwa seli yoyote, na ndiyo maana girasi haiziachii ncha zilizokatika. Asidi amino moja ndani yake, tairosini, hujifunga kwenye kila ncha na kuishikilia. Sehemu nyingine ya DNA ile ile hupitishwa katika pengo, lango linafungwa, na ncha zinaungwa tena zikawa kama hazijawahi kuguswa. Nishati ya kazi hiyo hutoka kwenye ATP.

Kila mpito mmoja wa namna hii hubadilisha hesabu ya misokoto kwa mbili, si kwa moja, na jambo hilo linaonekana kwa macho maabara. DNA ndogo za duara zikipitishwa kwenye jeli kwa nguvu ya umeme, zilizojikunja sana hukimbia na zilizolegea hubaki nyuma, hivyo hujipanga kwa mistari kama vidato vya ngazi, kila kidato kikitofautiana na jirani yake kwa msokoto mmoja. Ukianza na DNA za kidato kimoja tu, kimeng'enya cha Wang huzalisha vidato vyote vinavyofuata. Girasi huruka kimoja na kukanyaga kingine. Misokoto ikiwa mingi mno, mistari hubanana. Hapo watafiti huongeza klorokwini, ile ile iliyokuwa dawa ya malaria, ambayo hujipenyeza kati ya jozi za herufi na kuilegeza DNA kidogo, na mistari ikaachana.

Girasi haiishii kuondoa ukazo. Huilegeza DNA kupita hali yake ya kawaida, kiasi cha asilimia 6 hivi, ili nyuzi zifunguke kwa urahisi mahali kunakili kunapoanzia na penye mwanzo wa jeni. Kimeng'enya cha Wang hufanya kazi kinyume, kikipunguza ulegevu unapozidi. DNA ikikaza, jeni za girasi zenyewe husomwa kwa wingi zaidi, hivyo seli hujirekebisha. Kunakili kukikamilika, ndugu wa girasi aitwaye topoisomerasi ya nne huzitenganisha duara mbili mpya zilizopitana.

Hapa ndipo dawa ya siprofloksasini, inayotumika dhidi ya maambukizi mengi ya bakteria, inapopiga. Wengi hudhani dawa ya aina hii huizuia girasi isifanye kazi. Kwa kweli huiacha ikate DNA, kisha hujipachika penye mkato na kuzuia isiunge. Mtambo wa kunakili unapofika hapo, mkato uliokuwa umeshikiliwa unaweza kugeuka mvunjiko halisi, na mivunjiko ikizidi bakteria hufa. Topoisomerasi zetu zina umbo tofauti kiasi, ndiyo maana kipimo kinachomuua bakteria kinaziacha zikiendelea na kazi. Dawa ya saratani iitwayo etoposaidi hufanya hila hiyo hiyo dhidi ya topoisomerasi ya binadamu, ikilenga seli zinazogawanyika upesi.

Bakteria naye ana njia ya kuponyoka. Katika E. coli, asidi amino namba 83 ya girasi ikibadilika kutoka serini kuwa leusini, dawa haishiki vizuri tena, na girasi inaendelea kukata na kuunga. Bakteria wa kifua kikuu hana topoisomerasi ya nne. Kazi zote za kukata nyuzi mbili ameiachia girasi peke yake. Kwa hiyo levofloksasini na moksifloksasini, dawa za familia ya siprofloksasini zinazotumika dhidi ya kifua kikuu sugu, zina shabaha moja tu mwilini mwake, na badiliko moja katika girasi, mara nyingi kwenye namba 90 au 94, linatosha kuzidhoofisha. Ndiyo sababu vipimo vya vinasaba vya kifua kikuu sugu hulisoma eneo hilo la jeni ya girasi, ili mgonjwa asimeze kwa miezi dawa ambayo tangu siku ya kwanza haikuwa na mahali pa kushika.