Shina la Gumba Linaposagika

Maumivu huanzia kwenye kazi ndogondogo. Kugeuza ufunguo kunauma, kifuniko cha chupa kinashinda mkono, na kukamua nguo nzito kunamfanya mtu akunje uso. Mgonjwa akiambiwa aoneshe mahali hasa panapouma, haishiki ncha ya kidole gumba. Anabonyeza shina lake, pale gumba linapokutana na kifundo cha mkono.

Hapo ndipo pana kiungo chenye kazi ngumu kuliko vyote vya mkononi. Mifupa miwili inakutana: mfupa wa kiganja unaobeba gumba, na kijifupa cha kifundo kiitwacho trapeziamu. Nyuso zake zimekaa kama matandiko mawili ya punda yaliyolazwa moja juu ya jingine kwa kukingamana, ndiyo maana gumba linaweza kwenda mbele, pembeni, na kugeuka kuvikabili vidole vingine. Uhuru huo una gharama. Mwaka 1977 watafiti Cooney na Chao walikokotoa kwamba mtu akibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo moja, shina la gumba hubeba takribani kilo 12. Miaka ikipita, gegedu laini linalofunika mifupa hiyo hulika, nyuzi zinazoifunga hulegea, na mfupa wa gumba huanza kuteleza kwenda nje. Huo ndio ugonjwa uitwao osteoathraitisi ya shina la gumba, na huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa kike mwenye miaka 58, anayekata vitambaa kwa mkasi kutwa nzima. Daktari anaukagua mkono wake wa kulia na kuona shina la gumba limetokeza kama kibega. Kisha anafanya kipimo cha kusaga. Mkono wake mmoja unatuliza kifundo, mwingine unashika mfupa wa gumba, anausukuma ndani kwa urefu wake na kuuzungusha taratibu. Maumivu yakija palepale, pamoja na mkwaruzo unaosikika chini ya vidole vya daktari, tuhuma juu ya kiungo hicho inapata nguvu.

Kipimo hicho kikiuma kinasema mengi. Kisipouma hakisemi sana. Ugonjwa ukiwa mchanga, gumba linaweza kusagwa lisiume, kwa hiyo jibu zuri halimwondolei mgonjwa shaka. Tena kuna magonjwa jirani. Mgonjwa akilikunja gumba ndani ya ngumi, kisha mkono ukapindwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na maumivu makali yakapanda pembeni mwa kifundo, huenda tatizo ni kano zilizobanwa kwenye ala yake. Ganzi ya usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati huelekeza kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni. Magonjwa haya yanaweza kukaa pamoja katika mkono mmoja, na anayetibiwa moja tu hurudi akilalamika vilevile.

Picha ya eksirei husaidia. Tangu mwaka 1973 madaktari wengi hutumia ngazi nne za Eaton na Littler, kutoka kiungo kinachoonekana karibu salama hadi kile ambacho majirani zake nao wameharibika. Lakini picha haipimi maumivu. Wapo watu wenye picha mbaya wanaofanya kazi bila shida, na wapo wenye picha nzuri wasiolala. Hakuna anayepaswa kupasuliwa kwa sababu ya picha peke yake.

Kwa fundi wetu tiba inaanza na splinti, yaani banzi linalotuliza shina la gumba. Inayomfaa kazini ni fupi: inashika shina, lakini inaacha ncha ya gumba na kifundo cha mkono huru, maana ile inayofunga kila kitu itaishia kwenye droo. Usiku anaweza kuvaa laini zaidi. Uvumilivu unahitajika hapa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 112, uliona kwamba splinti ya usiku haikuleta tofauti baada ya mwezi mmoja. Nafuu ilionekana baada ya miezi 12. Sambamba na hiyo, anabadilisha mkasi wake kwa ule wenye springi inayoufungua wenyewe, ananenepesha vishikio vya vifaa kwa kuvizungushia kitambaa, na kuimarisha misuli iliyo kati ya gumba na shahada.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo huja baadaye, na sifa zake zimezidi uwezo wake. Baadhi ya wagonjwa hupata wiki au miezi ya nafuu, lakini utafiti mdogo wa mwaka 2004 uliolinganisha steroidi na maji ya chumvi haukuona faida baada ya wiki 24. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Dawa ikivujia chini ya ngozi inaweza kuacha doa jeupe, na kwenye ngozi nyeusi doa hilo huonekana wazi. Sindano inafaa kumvusha mtu kwenye msimu wa kazi nyingi. Ikiwa upasuaji umekwisha pangwa, si ya kuchomwa wiki chache kabla yake, kwa sababu ya hatari ya maambukizi.

Hayo yote yakishindwa kwa miezi kadhaa, upasuaji unaozoeleka zaidi ni kuiondoa trapeziamu nzima. Gervis aliueleza nchini Uingereza mwaka 1949. Nafasi inayobaki hujaa kovu, na mifupa haisagani tena. Kwa kuhofia gumba lisizame, madaktari wengine huongeza kazi: hukata kipande cha kano ya jirani, wakalifunga gumba na kuziba pengo. Hoja hiyo inavutia, ila Davis na wenzake walipolinganisha njia tatu kwenye magumba 183, matokeo yao ya mwaka 2004 hayakuonesha tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja. Kwa fundi wetu, basi, kuondoa mfupa bila nyongeza kunatosha. Baada ya hapo anatarajie plasta au splinti kwa wiki nne hadi sita, na nguvu za kubana zitakazorudi polepole kwa miezi mingi.

Mwashi wa miaka 40 aliyeharibikiwa na kiungo hicho baada ya kuvunjika ana hesabu nyingine. Yeye anahitaji mshiko wa nguvu na gumba lisilozama, kwa hiyo anaweza kushauriwa kuunganishwa mifupa hiyo miwili iwe mmoja, mradi viungo vya jirani ni vizima. Lakini kiganja chake hakitalala tena bapa kabisa. Anayesujudu au kukanda unga atalihisi hilo kila siku. Mifupa pia inaweza kukataa kuungana. Kiungo bandia hurudisha mkono kazini mapema zaidi, ila kinaweza kuchomoka au kulegea, na hakiwafai sana wabeba mizigo mizito.

Anayeshauriwa kupasuliwa amweleze daktari mkono wake unafanya nini kuanzia asubuhi hadi usiku, aulize gumba litapoteza mwendo gani, na apange riziki ya miezi mitatu bila kazi nzito kabla ya kutia saini.