Jumla Inatosha, Magauni Hayatoki

Tuchukue mfano wa kwaya ya watu 14 iliyopeleka mapande saba ya kitenge kwa fundi cherehani karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Wanawake ni tisa, na kila mmoja anataka gauni. Wanaume watano wanataka mashati ya mikono mifupi. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, na kwa upana huo fundi hukadiria yadi 3 kwa gauni na yadi 2 na nusu kwa shati. Magauni yatakula yadi 27, mashati yadi 12 na nusu, jumla yadi 39 na nusu. Dukani wameambiwa kila pande ni yadi 6, kwa hiyo wana yadi 42. Fundi anaandika daftarini “kitenge yadi 42”, anapokea kianzio, anaweka mzigo kwenye shelfu.

Wiki mbili baadaye anatandaza pande la kwanza mezani na kulipima kwa tepu. Lina yadi 5 na robo tatu. La pili vivyo hivyo, na yote saba yako hivyo. Kila moja limepungua robo yadi, yaani inchi 9. Anajumlisha upya na kupata yadi 40 na robo, ambazo bado zinazidi mahitaji. Anashika mkasi kwa amani.

Tatizo linaanza kuonekana akiwa amekwisha kukata. Pande la yadi 6 lilikuwa litoe magauni mawili kamili. Pande la yadi 5 na robo tatu linatoa gauni moja, na kinachobaki, yadi 2 na robo tatu, kinatosha shati tu. Magauni tisa sasa yanadai mapande tisa, na yeye ana saba. Jumla ya yadi inatosha, lakini magauni mawili hayatoki.

Kila pande na mstari wake

Jedwali la mali la fundi, liwe kwenye daftari la mistari au kwenye simu, linapaswa kuzuia jambo hilo siku ya kwanza. Kitambaa hakijumlishwi kama mchele. Mapande mawili yenye yadi 2 na robo tatu kila moja hayawi pande la yadi 5 na nusu, maana hakuna mteja atakayekubali gauni lenye kiungo mgongoni. Kwa hiyo kila pande lipewe mstari wake na alama yake. Oda ya kwaya ikiwa ni K07, mapande yawe K07-1 mpaka K07-7, na alama hiyo iandikwe kwenye karatasi ndogo na kubanwa kwa pini kwenye ncha ya kitambaa.

Urefu unaoandikwa ni ule uliopimwa mbele ya mteja, wala si ule uliotajwa dukani. Kama upungufu ungeonekana siku ile ile, kwaya ingerudi dukani kuongeza mapande mawili wakati mchoro bado upo. Baada ya wiki mbili huenda umekwisha, na aliyeko Dodoma ataanza kuuulizia Kariakoo, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Hata ukipatikana, mzigo wa toleo jingine unaweza kuwa na rangi iliyokolea zaidi au iliyofifia kidogo, na kwenye sare tofauti hiyo huonekana kanisa zima.

Kipimo nacho kiwe kimoja katika jedwali zima. Yadi moja ni sentimita 91 na ushee. Aliyeandika 10 akimaanisha yadi, kisha akaisoma kama mita, amejiongezea sentimita 86 za kitambaa kisichokuwepo.

Fundi mzoefu atasema, na ni kweli, kwamba mwili mdogo hauli yadi 3, na kwamba mikono inaweza kukatwa pembeni mwa vipande vya sketi. Inategemea mchoro. Kitenge chenye ndege au miti inayotazama juu hakiruhusu kugeuza patani kichwa chini, la sivyo ndege wa mgongoni watalala chali. Ndiyo maana makadirio huandikwa kwanza, kisha husahihishwa kwa kiasi kilichokatwa kweli. Baada ya oda chache, jedwali lenyewe litamwambia fundi gauni la mwili mdogo linakula kiasi gani mkononi mwake.

Kilichopo na kilicho huru

Kwenye simu, Google Sheets au Excel inatosha. Fungua ukurasa mmoja, uuite Mwendo, uwe na safu sita. Upungufu ukionekana siku ya kupokea na kwaya ikaongeza mapande mawili, mistari michache itaonekana hivi:

| Tarehe | Oda | Bidhaa | Mwenye | Kiasi | Hali |
|---|---|---|---|---|---|
| 4/3 | K07 | K07-6 | Kwaya | 5.75 | IMEINGIA |
| 4/3 | K07 | K07-6 | Kwaya | -3 | IMETENGWA |
| 4/3 | – | Kifungo cheupe shati | Fundi | 144 | IMEINGIA |
| 4/3 | K07 | Kifungo cheupe shati | Fundi | -40 | IMETENGWA |

Kinachoingia huandikwa kwa namba ya kawaida, kinachotoka au kuahidiwa huandikwa kwa alama ya kutoa. Siku ya kukata, mstari wa IMETENGWA haufutwi. Hali yake inabadilishwa kuwa IMEKATWA, au IMETUMIKA kwa vifungo na zipu, na kiasi kinasahihishwa kikiwa kimetofautiana na makadirio.

Ukurasa wa pili, Mali, unaorodhesha kila bidhaa mara moja tu katika safu ya A. Mbele yake ziwekwe fomula mbili. Ya kwanza inatoa kilicho huru, ya pili inatoa kinachopaswa kuonekana kwenye shelfu:

```
=SUMIFS(Mwendo!E:E,Mwendo!C:C,A2)
=SUMIFS(Mwendo!E:E,Mwendo!C:C,A2,Mwendo!F:F,"<>IMETENGWA")
```

Tofauti ya namba hizo mbili inaonekana vizuri kwenye vifungo. Fundi amenunua grosi moja ya vifungo vyeupe, yaani 144. Mashati 12 ya shule yanadai vifungo saba saba, jumla 84. Mashati matano ya kwaya yanadai 35, na akiba ya kifungo kimoja kwa kila shati inafikisha 40. Hakuna kilichoshonwa bado, kwa hiyo kopo limejaa. Anaingia mteja anayetaka mashati matatu kwa haraka, yaani vifungo 21. Anayetazama kopo atakubali papo hapo. Anayetazama jedwali ataona vilivyo huru ni 20, na atajua kwamba kabla ya kutoa ahadi inabidi anunue.

Namba ikitoka hasi, mara nyingi kuna manunuzi ambayo hayakuandikwa. Ikitoka sifuri wakati mali ipo, tazama jina: simu huhesabu “kifungo cheupe” na “vifungo vyeupe” kama bidhaa mbili. Dawa yake ni kuweka orodha ya kuchagua kwenye safu ya Bidhaa, ili jina lisiandikwe upya kila mara.

Zipu na uzi

Kwenye zipu, mstari mmoja ubebe rangi, urefu na aina kwa pamoja. Kuandika “zipu 30” hakumsaidii fundi anayehitaji zipu tisa za kujificha, rangi ya bluu, inchi 22. Zipu ya nailoni iliyo ndefu inaweza kufupishwa kwa kushonwa kizuizi kipya chini na kukatwa, lakini fupi hairefushwi. Kwa hiyo zikiisha za inchi 18, za inchi 22 zinaweza kuziba pengo. Mstari wa Mwendo lazima uonyeshe iliyotoka ni ya 22, ama sivyo hesabu za zipu zote mbili zitaharibika.

Uzi ni habari nyingine, kwa sababu hakuna anayeweza kuupima kwa mita akiwa kazini. Mshono wa kawaida wa cherehani hula uzi takriban mara mbili na nusu ya urefu wa mshono. Ovaloki ya nyuzi tatu hula takriban mara kumi na nne. Ubavu wa gauni wenye mshono wa mita moja utakula mita mbili na nusu kwenye cherehani na mita 14 kwenye ovaloki. Fundi anayeshangaa koni zinaishia wapi aanze kutafuta huko.

Njia rahisi ni mizani ndogo ya jikoni. Pima koni tupu, uandike uzito wake ndani ya kifuniko cha sanduku. Pima koni zote za rangi ya kwaya kabla ya oda, zipime tena oda ikiisha. Gawa gramu zilizopungua kwa idadi ya nguo, utapata kiwango cha kukadiria sare ijayo. Kwa oda ya nguo moja usijisumbue, maana mizani ya aina hiyo haiwezi kukupa namba ya kuaminika kwa kiasi kidogo hivyo.

Kilichobaki ni cha nani

Kwaya ilipoongeza mapande mawili, yakawa tisa. Mapande matano yalitoa gauni na shati, na kila moja likabakiza ukanda wa robo yadi. Mapande manne yalitoa gauni pekee, na kila moja likabaki na yadi 2 na robo tatu. Mstari wa K07-6 utaonyesha 2.75 wenyewe baada ya kukata, bila kuandika kitu kipya. Hayo ni mashati manne mengine, na safu ya Mwenye inasema ni ya kwaya. Bila safu hiyo, miezi mitatu baadaye fundi ataona kitenge kwenye shelfu, atamshonea mtu mwingine, na kwaya itakuja na waimbaji wapya ikiulizia kitambaa chake.

Kipande kilichopungua upana kiandikwe kwa vipimo viwili. “Yadi 1” ya upana kamili inatosha vazi dogo la mtoto, lakini yadi 1 kwa inchi 10 ni mkanda. Mpaka wa mabaki nao ukubaliwe siku ya kupokea, uandikwe kwenye risiti. Kwa mfano, vipande vyenye urefu wa zaidi ya robo yadi virudi kwa mteja, na vilivyobaki viwe vya fundi kwa mifuko, kola na viraka. Siku ya kukabidhi, mteja asaini amechukua au ameacha. Akiacha kwa hiari, Mwenye inabadilika kuwa Fundi.

Mwisho wa mwezi si lazima kuhesabu duka zima. Chagua mistari mitano, hesabu kwa mkono, linganisha na fomula ya pili. Vifungo vikipungua, ulizia matengenezo madogo, maana kifungo kimoja cha bure kwa mteja wa zamani hakiandikwi na mtu. Kitambaa kikipungua, ulizia nguo iliyokatwa vibaya ikarudiwa kimya kimya. Hiyo ipewe mstari wake wenye neno KOSA, kwa sababu kitambaa kikiwa cha mteja, inchi hizo ni deni la fundi, na lilipwe kabla kwaya haijaja kupima vipande vyake.