Je, Wajua? Keki inayopozwa kichwa chini

Keki ya shifoni haina siagi. Hutiwa mafuta ya maji, kama ya alizeti yanayouzwa sokoni Bariadi, ambayo hayagandi keki ikipoa. Ndiyo maana hubaki laini, ila ikiwa ya moto haiwezi kujibeba. Kinachoinyanyua ni ute wa mayai uliopigwa ukasimama, kisha ukachanganywa kidogo kidogo kwa kupindua rojo kutoka chini. Ukikoroga, povu linakufa.

Chombo chenye bomba katikati hakipakwi mafuta, ili rojo lishike kuta na kupanda. Ikiiva, kigeuze hapo hapo, bomba likae kwenye shingo ya chupa ya soda, mpaka keki ipoe kabisa. Ungepaka mafuta, ingedondoka mezani.