Fahamu: Namba ya kufunga simu za nje ya nchi

Simu inaita mara moja na kukatika, namba ni ya ng'ambo. Ukiipigia, salio linayeyuka. Mtego huo unaitwa Wangiri, na mtandao wa GSM una kufuli lake. Piga hii, ukiweka nywila ya mtandao palipo na 0000:

```
*331*0000#
```

Nywila hiyo si PIN ya laini. Mitandao mingi huanza na 0000 au 1234. Usibahatishe: ukikosea mara tatu, huduma hujifunga mpaka uwapigie huduma kwa wateja. Kuhakiki, piga `*#331#`, kufungua, `#331*0000#`.

Baada ya hapo, aliye Mombasa akimpigia shangazi Tanga kwa +255, simu inagoma. Simu zinazoingia zinaendelea kama kawaida, na za WhatsApp haziguswi kwa kuwa zinapita kwenye bando.

Namba za malipo ya juu za humu nchini hazina msimbo wa pamoja wa kuzifunga. Kampuni ya simu ndiyo huzifunga ukiomba. Ukipiga *331 na kujibiwa kwamba ombi limeshindikana, huenda laini yako haijawezeshwa huduma hii; hapo iombe kampuni yako ya simu iiwezeshe.