Msiba Usio na Matanga

Habari za kifo cha mama yake nilizipata kwenye stetasi ya WhatsApp, wiki tatu baada ya maziko. Ilikuwa picha ya bibi yule amejitanda kanga, na chini yake dua ya kumwombea. Bibi huyo aliwahi kunilea likizo nzima ya Disemba nyumbani kwake Tanga, akinipikia uji wa mchele kila asubuhi na kuniita mwanangu. Kwetu, mtu anapofiwa, orodha ya wanaopigiwa simu usiku uleule haijaandikwa popote, lakini kila mmoja anajua kama yumo au hayumo. Mimi nilikuwamo. Siku ile nikajua kwamba nilishatoka zamani, na sikujua ni lini.

Nilimpigia simu. Akapokea kwa adabu zote: "Ahsante sana dada, tunamshukuru Mungu." Hilo neno "dada" ndilo lililonichoma. Ni neno la heshima, na muuza nyanya huniita hivyo pia. Yeye kwa miaka yote aliniita "shoga'angu", na wakati mwingine jina ambalo hakuna mwingine alijuaye. Hatukuwahi kugombana. Hakuna aliyemkopa mwenzake asilipe, hakuna aliyemsema mwenzake kwa watu. Nilipokata simu nililia kwa ajili ya mama yake, kisha nikaendelea kulia kwa jambo jingine ambalo sikuwa na jina lake.

Tulipangiwa kazi ya ualimu mwaka 2009, shule moja pembezoni mwa mji wa Morogoro, tukapanga vyumba viwili katika nyumba moja. Kutoka pale hadi shuleni ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu, milima ya Uluguru ikiwa mbele yetu asubuhi na mgongoni jioni. Kwenda na kurudi ni dakika 40. Mwaka wa shule ni kama siku 194 za masomo, kwa hiyo njia peke yake ilitupa karibu saa 130 za mazungumzo kila mwaka, na tuliipita miaka saba. Hata nikiondoa siku za homa na likizo za uzazi, hazipungui saa 700.

Nimezihesabu saa hizo kwa sababu. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu watu waliohamia mahali papya na wanafunzi wapya wa chuo. Aliangalia ni muda gani unaopita mpaka mtu mliyefahamiana tu awe rafiki. Aliona kwamba urafiki wa kawaida huja baada ya saa 50 hivi za kuwa pamoja, na ule wa kushibana huhitaji zaidi ya saa 200. Niliposoma hayo nilielewa jambo ambalo miaka mingi nililikosea. Nilidhani sisi tulipendana, ndiyo maana tulitembea pamoja. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kinyume chake: tulitembea pamoja, ndiyo maana tukapendana. Njia ndiyo iliyofanya kazi ya kutukutanisha, sisi hatukuhitaji hata kupanga.

Mwaka 2016 akapata uhamisho wa kumfuata mume wake Mwanza. Nilimsindikiza stendi alfajiri. Tuligawana doti ya kanga, kipande kimoja kwake na kimoja kwangu, tukaapizana kwamba hatutapotezana. Tulimaanisha kabisa. Lakini hakuna kati yetu aliyegundua kwamba ile njia haikupanda naye basi.

Juzi nilirudi kwenye simu yangu nikasoma mazungumzo yetu tangu mwanzo, na ukitaka kujua urafiki wako umefika wapi, jibu limo humo. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukitumiana sauti za dakika tano au sita, zimejaa majina ya watu na bei za vitu na nani kasema nini katika kikao cha walimu. Mwaka wa pili zikawa "nitakupigia jioni". Mwaka wa tatu zikaanza picha za maua za Ijumaa Karimu na heri za Idi zilizoandikwa na mtu mwingine, ambazo zingeweza kutumwa kwa yeyote. Ujumbe ukishakuwa wa namna hiyo, mnaojuliana hali ni watu wawili wanaofahamiana tu. Baada ya hapo kuna maswali yaleyale mara tatu kwa mwaka: "Mbona kimya?" "Nipo, majukumu tu." "Umepotea wewe!" "Aa, wewe ndiye uliyepotea." Halafu mmoja anafunga: "Basi tutafutane."

Neno hili "tutafutane" nimelitafakari sana. Lina sura ya ahadi, na wote wawili wanalisema kwa nia njema. Lakini kwa muundo wake halimtaji wa kuanza. Kila mmoja analiweka sikioni kwa mwenzake na kuondoka akiwa ametulia. Laiti siku moja mmoja wetu angesema "nitakupigia Jumapili saa kumi".

Na si umbali peke yake unaofanya hivi. Wengi hupotea kwa sababu ya michango. Mtu biashara imekwama, au yumo katika mikopo ya kausha damu, na simu zote zinazoingia ni za kamati za harusi. Anaanza kukwepa kupokea, kwanza ya mwenyekiti wa kamati, mwishowe na ya rafiki, kwa sababu rafiki ndiye atakayeuliza kwa upole, na upole huo ndio asiouweza. Wengine huwa wanaumwa, au wana jambo ndani ya ndoa ambalo kulisimulia ni kazi. Sijui kama mwenzangu alipita humo. Nilichojifunza ni kwamba kimya cha mtu mara nyingi kinahusu maisha yake, na anayekisubiri upande wa pili hukisoma kama hukumu juu yake.

Kwa nini basi kinauma kama kufiwa? Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani wa Kimarekani waliopotea katika vita vya Vietnam. Wake zao hawakuwa wajane wala hawakuwa na waume. Aliona kwamba upotevu usio na uhakika ni mgumu kuliko wa kaburi, kwa sababu akili haipewi ruhusa ya kumaliza: leo unaomboleza, kesho unaona aibu kuomboleza mtu ambaye huenda akagonga mlango. Rafiki si rubani aliyepotea vitani, nalijua hilo. Hata hivyo aina ya maumivu ni hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Yupo, namba yake inaita, picha yake inabadilika, na kila ibadilikapo unaambiwa upya kwamba maisha yake yanaendelea bila wewe. Mwaka 1989 mtafiti mwingine wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haimpi mtu haki ya kuionyesha. Hii ni mojawapo. Mume wangu, mtu mwema, nilipomweleza aliniuliza, "Lakini si yu hai?"

Sisi tuna utaratibu wa kila namna ya kutengana. Kifo kina matanga, hitima na arobaini. Ndoa ikivunjika kuna talaka na eda. Wakigombana ndugu, wazee wanakaa, anayestahili kuomba radhi anaomba, wanashikana mikono. Urafiki uliofifia hauna hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna kosa la kusuluhisha, kwa hiyo wazee hawaitwi. Hakuna maiti, kwa hiyo mkeka hautandikwi. Anayeomboleza hubaki akipekua siku moja moja akitafuta kosa lake, na akikosa la kweli hutunga la uongo. Mimi nilikaa miezi nikiamini kwamba alikasirika kwa kuwa sikuhudhuria maulidi ya mwanawe.

Kilichonisaidia ni kuupa msiba huu tarehe. Nilitafuta katika simu mazungumzo yetu ya mwisho yaliyokuwa ya kweli, ambayo mmoja alimwambia mwenzake jambo asilomwambia mtu mwingine. Yalikuwa ya Agosti 2018, aliponieleza hofu yake juu ya mimba. Nikajiambia: urafiki ule uliishi mpaka hapo, miaka tisa, na ulikuwa mzima. Nilipokuwa na siku ya mwisho niliacha kuchafua siku za nyuma kwa kutafuta ufa.

Kisha nikamwandikia. Hapa wengi hukwama. Lara Aknin wa Kanada na Gillian Sandstrom wa Uingereza walichapisha utafiti mwaka 2024 ambapo watu walipewa nafasi ya kumtumia ujumbe rafiki wa zamani, mtu waliyemkumbuka na ambaye namba yake walikuwa nayo. Waliotuma hawakufika theluthi moja. Watu wale walisita kuwasiliana na rafiki wa zamani kama wanavyosita kuzungumza na mtu wasiyemjua kabisa. Lakini walipoanza kwa kuwatumia ujumbe marafiki wa sasa kwa dakika chache, mkono ukapata wepesi, na zaidi ya nusu yao wakatuma. Nami nilifanya vivyo hivyo: nikawajulia hali mashoga wawili wa karibu, kisha nikafungua jina lake kabla moyo haujapoa.

Rasimu ya kwanza niliifuta. Ilikuwa na "umenitupa", ambalo ni shtaka, na anayeshtakiwa hujitetea au hukimbia. Ya pili ilikuwa na swali la "nilikukosea nini?", ambalo linamtaka mtu atoe maelezo ambayo pengine hana. Niliyotuma ilikuwa hii: "Leo nimepita pale kwenye mwembe tulipojibanza na mvua, wewe umevaa viatu vyangu. Nimekukumbuka. Usihangaike kujibu." Jambo moja, la kwetu wawili tu, lisilodai kitu. Na niliituma mara moja. Asiyejibu ujumbe kama huo ameshajibu, na kuurudia mara ya pili na ya tatu ni kumsukuma aseme kwa maneno kile alichokisema kwa upole.

Alijibu siku ya nne: "Shoga'angu, viatu vile vilinibana nikaona aibu kusema." Nilicheka peke yangu jikoni. Tuliandikiana siku mbili, nikamwuliza juu ya mama, akanisimulia usiku wa mwisho. Kisha kimya kikarudi, na hakikuniuma kama kile cha kwanza. Hatujarudi kuwa tulivyokuwa, na hakuna aliyemweleza mwenzake chochote. Kile kipande changu cha doti nimekitoa sandukuni, ninajitanda nacho.

Wewe msomaji, siku mtu akikwambia kwamba rafiki yake amepotea bila ugomvi, usimwambie kwamba marafiki ni wengi. Tandika mkeka, umuulize walikuwa wakikutana wapi, na walikuwa wakizungumza nini njiani.